Mama Pindo na Ombi la Marehemu

Watu wote wa kwaya walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyepita mbele yake bila kutazamwa chini, kwenye upindo wa nguo. Padri mwenyewe aliwahi kusimamishwa mlangoni, kanzu yake ikashikwa, nyuzi mbili zikang'olewa kwa meno, akaambiwa, "Sasa nenda, Baba." Kazi yake ilikuwa kushona. Vitambaa vya altare, kanzu za watumishi na majoho ya kwaya vilipita kwenye cherehani yake, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ambako mteja alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuambiwa asubiri kidogo. Kidogo hicho kiliweza kuwa dakika tano au Jumatano ijayo.

Aliimba sauti ya pili. Hakuwa na sauti kubwa, ila alikuwa na sikio ambalo halikusamehe. Na kwa miaka thelathini aliimba Kilatini asichokielewa, kama walivyoimba wenzake wote.

Jambo hilo lilinikera tangu siku ya kwanza nilipohamia parokia ile. Nilikuwa nimesoma Kilatini miaka mitano kabla ya chuo, na sikuona sababu ya watu wazima wenye akili zao kutamka maneno ya watu wengine kama kasuku, eti kwa sababu ni matakatifu. Utakatifu haupungui ukieleweka. Nikaomba chumba cha mikutano kila Jumamosi alasiri, nikatangaza darasa, bure. Walikuja saba. Mmoja alikuwa mwoka mikate, wawili manesi, mmoja dereva mstaafu, wawili wanafunzi wa ualimu. Wa saba alikuwa Mama Pindo, akiwa na daftari jipya alilolivalisha jalada la kitambaa.

Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alielewa sarufi kama anavyoelewa shati: alitaka kujua kila kipande kimeshikana na kipi na mshono uko wapi. Nikisema kitu nusunusu, aliniambia, "Mwanangu, hapo umeruka." Na kweli nilikuwa nimeruka.

Jumamosi ya saba tulifika kwenye sala fupi ya marehemu, kwa kuwa mwezi wa kuwaombea ulikuwa karibu na kwaya ilijiandaa kuiimba. Niliiandika ubaoni:

Requiem aeternam dona eis, Domine, et lux perpetua luceat eis. Requiescant in pace.

Kwa Kiswahili waliijua tangu utoto: raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie, wapumzike kwa amani. Niliwaambia leo hatutafsiri, leo tunafumua.

Tulianza na dona. Nikaeleza kwamba hiyo ni amri, kama tunavyosema "lete" au "toa." Mwoka mikate akauliza kama kweli tunamwamuru Mungu. Dereva mstaafu akamjibu kwamba hata mtoto humwambia mama yake "nipe," na hakuna aliyewahi kumshitaki. Tukaendelea.

Kisha luceat. Nikaandika maneno mawili, moja chini ya jingine: lucet, luceat. La kwanza linasema mwanga unaangaza. Ni habari, unatoa taarifa ya kitu kilivyo. La pili halitoi habari. Linatamani: mwanga uangaze. Nikawaambia wasiogope jina lake kubwa, kwamba kitenzi kikiwa katika hali hii mafundi wa sarufi hukiita subjunktivi, na kwamba sisi tunayo hali hiyo hiyo na tunaitumia tangu tulipoanza kusema. Mtu akisema "mtoto analala," anakupa habari. Akisema "mtoto alale," anataka. Sisi tunabadilisha a ya mwisho kuwa e. Kilatini nacho hubadilisha irabu, ila hakiendi upande mmoja. Vitenzi vya kundi la kwanza, vyenye a, hugeuka kuwa e: laudat, anasifu, laudet, asifu. Vya makundi mengine huchukua a: lucet, luceat.

"Kwa hiyo sisi tukitaka tunakwenda e," mwoka mikate akasema, "na wao wakitaka mara nyingi wanakwenda a. Tukikutana njiani tutapishana."

Watu wakacheka. Mama Pindo hakucheka, alikuwa anaandika.

Nikaongeza mfano mwingine, kwa sababu hali hii haitumiki kwa kutamani tu, hutumika pia kwa kusudi. Katika sala wanayomwomba Mama wa Mungu kuna maneno ora pro nobis, utuombee, halafu ut digni efficiamur promissionibus Christi. Hiyo ut ni "ili." Na efficiamur ni "tufanywe": tufanywe wenye kustahili ahadi za Kristo. Ingekuwa habari tu, ingekuwa efficimur, tunafanywa. Nikawaambia wasikilize lugha yao wenyewe: "nimekuletea chai ili unywe." Hakuna anayesema "ili unakunywa." Neno "ili" linakishika kitenzi mkono na kukipeleka kwenye e. Ut nayo, ikiwa na maana ya kusudi, hukipeleka kitenzi kwenye subjunktivi.

Nesi mmoja akasema angejua Kilatini ni rahisi hivi asingekiogopa. Nilijisikia vizuri. Nakiri hivyo sasa, kwa sababu kujisikia vizuri ndiko kulikonifanya nisimtazame mtu usoni.

Tukafika mwisho. Requiescant. Nikauliza nani atalifumua. Mama Pindo akasimama, kama alivyofanya siku zote, mkono mmoja kwenye kiti cha mbele.

Alisema kitenzi ni kupumzika, wingi, wao. Kisha akasema, bila wasiwasi, "Hili si ombi. Hili ni tangazo. Wanapumzika kwa amani."

Nilimwambia hapana, nikaandika mawili ubaoni, requiescunt na requiescant, u na a. La kwanza ni wanapumzika. La pili ni wapumzike. Akakubali kwamba irabu imebadilika. Lakini akasema hilo la mwisho linatofautiana na mengine. Kwa Kiswahili tunaomba, kwa Kilatini Kanisa linatangaza. Alisema hivyo polepole, kama mtu anayetaja anwani ya nyumba yake.

Nami nilikuwa na moto wangu. Nilikuwa nimekuja kupambana na vitu kama hivyo hasa, vijineno vinavyopitishwa mdomo kwa mdomo kwa sababu hakuna aliyefundisha watu kuuliza. Nikasema, "Mama, kitenzi kikikaa hivi kinaomba. Kiwe cha Kilatini, kiwe cha Kiswahili. Aliyekwambia kinatangaza amekudanganya."

Hakukasirika. Alitazama ubao muda mrefu. Akauliza kama mtu mmoja tu angekuwa requiescat. Nikamwambia ndiyo, na kwamba habari ingekuwa requiescit. Akaandika yote mawili. Akafunga daftari, akashika mkoba, akatoka bila kumtazama mtu yeyote miguuni. Nesi aliyekaa karibu naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe hujui?"

Sikujua. Ndipo nilipoambiwa.

Miaka kumi na mmoja nyuma Mama Pindo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na tisa, wa pekee. Jioni moja kijana yule alitoka kwa marafiki, amelewa, akapanda pikipiki, akagonga nyuma ya lori lililoegeshwa kando ya barabara. Alikufa papo hapo. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemtukana mama yake kwa jambo la kijinga, na kanisani alikuwa hajaingia mwaka mzima. Mama hakulia mazishini. Alikaa tu. Siku nne hakula, na wanawake wa kwaya walipokezana kumshika mkono, maana aliuliza swali moja bila kuchoka: yuko wapi?

Aliyemjibu alikuwa mwalimu wa kwaya wa wakati ule, ambaye watu humwita Mzee Kinanda. Siku ya nne alimjia, akaketi, akamwambia kwamba alipoimba Requiescat in pace kaburini hakuwa akiomba. Sisi tunaomba kwa lugha yetu, akasema, lakini Kilatini ni neno la Kanisa, na Kanisa likishalitamka juu ya mtu limetamka. Mwanao anapumzika.

Siku ile alikula uji nusu kikombe. Wiki mbili baadaye alirudi kwenye kwaya.

Hayo yote nesi aliyasimulia kwa uzuri, kama hadithi ya wema. Lakini yalikuwa na mkia, na mkia huo niliupata kwa mwenyewe Jumatatu iliyofuata, nilipokwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa anapinda kitambaa cha altare, pini zimebanwa midomoni, na alizungumza kati ya pini.

Alisema hakuwa na kinyongo nami. Mwalimu ni kama mkasi, ukiwa butu hauna kazi. Kilichomwumiza ni kitu kingine. Nyuma ya kanisa huwekwa daftari kila mwezi wa marehemu, watu huandika majina ya wafu wao, nayo husomwa na kuombewa. Mwaka ule wa kwanza mume wake aliandika jina la kijana. Yeye alilikuta akiwa kwenye foleni, watu nyuma yake. Akachukua kalamu akalikata kwa mstari mmoja. Mumewe alikuwa amesimama pale pale.

"Nilimwambia mbele za watu," akasema, "unamwombea nini mtu aliyekwisha kupokelewa? Huna imani wewe?"

Akatoa pini moja, akaichoma kwenye kitambaa.

"Hakunijibu. Na hakuandika tena. Na kanisani akaacha kuja. Mimi nikasema, basi, kumbe nilikuwa sahihi, imani hana."

Kwa hiyo kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwombea mtoto yule nyumbani mwake. Mama aliimba ombi lenyewe kila mazishi ya parokia, kwa sauti safi, juu ya wafu wa watu wengine, akijua linaomba kwa ajili yao kwa Kiswahili na kudhani linatangaza kwa Kilatini. Kwa wake hakuomba. Na mumewe aliyetaka kuomba, yeye ndiye aliyekuwa amemfunga mdomo.

Aliniomba nimsindikize kwa Mzee Kinanda. Nilidhani anataka shahidi. Alitaka mtu wa kubeba mfuko wa mikate, maana huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu hata kama unakwenda kumlaumu.

Mzee alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Kinanda cha kukanyaga kilijaza nusu ya chumba, kitanda nusu nyingine. Mikono yake ilikuwa imevimba viungo naye hakukipiga tena, lakini hakukubali kiuzwe. Alifurahi kumwona, akamwita "binti yangu," akaniambia mimi kwamba kijana mwembamba hivi angekalia kinanda, chenyewe kisingejua. Mama Pindo hakuzunguka. Alifungua daftari lake mbele ya yule mzee, akamwonyesha yale maneno mawili, requiescit na requiescat, akamwuliza kama alijua tofauti.

Nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu. Nilitaka aseme hakujua, nimsamehe kwa ujinga. Au aseme alijua, nimpige kwa ukweli. Mzee alivuta daftari karibu na macho.

"Nilijua," akasema.

"Miaka kumi na mmoja, Mzee wangu. Hukupata siku hata moja ya kunirekebisha?"

"Ulikuwa hujala siku nne. Nilisema neno la siku moja. Nilidhani utalitumia siku moja." Alijaribu kukunja vidole, havikukunjika. "Halafu nikakuona umerudi umesimama kwenye safu yako, unaimba. Nikasema, nani atakwenda kumwondoa pale? Niliogopa, binti yangu. Kila mwaka niliogopa zaidi, maana uongo ukikaa ndani ya nyumba huzaa."

Akamwuliza kama amemuumiza. Mama Pindo akasema ndiyo. Akasema hivyo kwa heshima, bila kupandisha sauti. Kisha akamkatia mkate, kwa sababu mikono ya mzee haikuweza kushika kisu, akamgawia vipande vidogo, akamsubiri atafune mpaka mwisho. Nikasimama pale na ukweli wangu wote na sikuona mahali pa kuuweka.

Njiani aliniuliza kitu kimoja tu: kama ombi lina muda wake. Kama mtu akichelewa miaka kumi na mmoja, kitenzi bado kinafaa? Nilitaka kumpa jibu la chuo. Nikamwambia kwamba kwa ninavyojua luceat haisemi lini. Inataka tu. Akaitikia kwa kichwa, akasema hayo atayatumia, ila kuna mtu wa kuyasikia kwanza, huko nyumbani.

Yaliyofuata nyumbani mwake sikuyaona. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na alinipa ruhusa ya kuyaandika, mradi nisimfanye mtakatifu.

Mume wake alikuwa fundi pikipiki, na bado ni fundi, kwenye karakana ya mabati mtaa wa pili. Mtu wa maneno machache. Alikuwa amekaa mezani akisafisha kucha kwa njiti, kama kila jioni baada ya kazi. Mama Pindo hakuanza na msamaha. Alisema alijua angeanza na msamaha mumewe angesema "yamepita," na yangebaki pale pale. Akaweka daftari mezani na kumwambia anataka kumfundisha kitu alichojifunza. Mumewe akasema yeye ni wa spana, Kilatini akawafundishe mapadri. Akamwambia, "Mzee wangu, kaa. Ni maneno machache."

Akamfundisha kama nilivyowafundisha wao, na pengine vizuri kuliko mimi. Hii inatoa habari, hii inataka. Analala, alale. Inaangaza, iangaze. Akamwonyesha irabu ilipobadilika. Alipofika requiescat akamwambia: hili nalo linataka. Halitangazi. Mzee Kinanda aliniambia linatangaza, nikamwamini, nikakata jina ulilokuwa umeliandika. Wewe ndiye uliyekuwa unafanya sala kama inavyotakiwa, na mimi nikakuita mtu asiye na imani mbele za watu.

Mumewe aliipitisha njiti chini ya ukucha mmoja. Kisha akasema, "Nilikuamini wewe. Nikasema, mke wangu anajua mambo ya kanisa, mimi sijui. Kama yeye anaona mtoto amefika, basi mimi ndiye nisiyeona."

"Sasa ninakwambia sikujua."

"Basi nisomee tena ile ya katikati."

Akamsomea: et lux perpetua luceat ei. Akamweleza tena, lux mwanga, perpetua usiokoma, luceat umwangazie, ei yeye, mmoja. Mwanga usiokoma umwangazie.

Fundi akaweka njiti chini. Akasema, "Taa ya pikipiki ile niliitoa mimi."

Mama Pindo hakuelewa. Ndipo mumewe akamwambia kitu ambacho hakuwahi kukitamka kwa mtu. Asubuhi ya siku ile mteja alikuja karakana ana haraka, taa yake imepasuka, dukani hakuna. Akamfungulia ya pikipiki ya nyumbani, akamfungia mteja, akasema ya nyumbani atainunulia nyingine kesho. Hakumwambia kijana. Na kijana aliipanda giza linaingia, amelewa, haoni mbele, na lori lilikuwa pale. Polisi waliandika ulevi. Yeye alijua ni ulevi na taa.

"Ndiyo maana niliandika jina," akasema. "Sikuwa namwombea apumzike. Sikujua mambo ya kupumzika. Nilikuwa nataka apewe mwanga. Basi. Halafu ukalikata."

Nilipomwuliza Mama Pindo alimjibu nini, aliniambia alichotamani. Alitamani kumkasirikia kwa ile taa na alikuta hana haki. Alitamani kumfariji na alikuta hajui aanzie wapi, maana kwa miaka kumi na mmoja alikuwa analala kando ya mtu aliyebeba giza lile peke yake, na aliyemnyang'anya ombi lake la mwanga alikuwa yeye. Alishika mkono wake wenye grisi. Mumewe hakuuondoa, lakini hakuubana pia.

Baadaye akamwambia amfundishe kutamka. Hakuweza. Ulimi ulikwama kwenye perpetua, akajaribu mara tatu, akasema neno hilo limetengenezwa vibaya. Mama Pindo akacheka na kulia kwa pamoja, akamwambia aache, aseme kwa Kiswahili, kitenzi ni kile kile, kinaishia na e tu badala ya a.

Akasema kwa Kiswahili. Alitaja jina la mtoto wao, lile la nyumbani la utotoni ambalo yeye mama hakulisikia tangu kaburini, kisha akasema mwanga umwangazie, akaishia hapo. Mama Pindo akasubiri aendelee na kupumzika kwa amani. Mumewe akatikisa kichwa. Akasema hilo lingine aliseme mama. Yeye baba bado yuko kwenye mwanga, hajafika huko.

Basi ndivyo wanavyoomba sasa pale mezani, kila mtu kipande chake, na baina yao kuna kimya ambacho hakijaisha. Mume hajarudi kanisani. Mama Pindo hamwulizi.